Ziada ya Tarehe 9 Januari

Shilingi 31,200,000 haikuwa tarakimu ya uongo. Tarehe 9 Januari hiyo ndiyo ilikuwa ziada ya mwaka ya SACCOS moja ya watumishi, imejumlishwa vizuri, mhasibu ameipitia, na faili lake limehifadhiwa kwa jina linaloeleweka. Shida ni kwamba wiki mbili baadaye bado ilikuwa imekaa kwenye ukurasa wa pili wa kabrasha la bodi, wakati leja yenyewe ilishasonga mbele na kuiacha.

Aliyeiona ni msaidizi wa mhasibu, binti wa mwaka wa pili kazini, Alhamisi jioni, bodi ikiwa inakaa Jumamosi asubuhi. Jina la chama silitaji, na tarakimu nimezibadili ziwe nyepesi kufuatika, lakini mtiririko wa mambo ni ule unaojulikana na kila aliyewahi kufunga hesabu za mwaka kwa Excel. Inafaa kuufuata hatua kwa hatua, kwa sababu kosa la namna hii halifanani na mengine. Ukikosea kujumlisha, jumla inagoma. Ukiandika sifuri moja ya ziada, hata asiye mhasibu anashtuka. Tarakimu iliyotoka kwenye toleo la zamani haigombi na haishtui mtu. Ina ukubwa unaotarajiwa, inafanana na ya mwaka jana, na mtu akiuliza ilikotoka ataonyeshwa faili halisi lenye hesabu halisi.

Ilifikaje pale? Mhasibu alianza kuandaa kabrasha mapema, jambo la kusifiwa. Tarehe 9 alikuwa na faili aliloliita `Hesabu_Desemba_v3.xlsx`. Akafungua faili jingine la kabrasha, akatengeneza shiti ya muhtasari kwa wajumbe, akaunganisha seli nyingi kwa fomula ili zijisomee zenyewe kutoka kwenye shiti za mapato na mizania. Lakini shiti hizo mbili zilikuwa bado hazijahamishiwa kwenye faili la kabrasha zima zima, na yeye alitaka kuanza kuandika pendekezo la gawio. Kwa hiyo seli chache alizijaza kwa kunakili na kubandika thamani tupu, ile amri inayoitwa `Paste Values`. Nia yake ilikuwa kuzirudia baadaye.

Kubandika thamani tupu kuna sababu yake, na si uvivu. Ukiunganisha seli ya faili moja na ya jingine, Excel inaleta fomula inayoelekeza kwenye faili la kwanza, kitu kama hiki:

```
='[Hesabu_Desemba_v3.xlsx]Mapato'!$D$31
```

Siku faili la kwanza likihamishwa folda au likibadilishwa jina, kila anayefungua kabrasha anakutana na onyo la viungo vilivyokatika. Wahasibu wengi wameshachoshwa na onyo hilo, ndiyo maana wanabandika thamani. Lakini kiungo, pamoja na usumbufu wake, kinasema kilikotoka. Thamani tupu haisemi. Ukiibonyeza seli, unaona `31200000` na basi: haina jina la faili, haina shiti, haina tarehe.

Siku tano baadaye, tarehe 14, kamati ya mikopo ilikaa. Kulikuwa na mkopo wa kikundi uliobaki na deni la Sh 8,400,000, haujaguswa kwa zaidi ya mwaka. Kamati ikaamua fedha hiyo yote itengwe kama hasara inayotarajiwa. Mhasibu akaandika hati ya marekebisho ikiwa na tarehe ya 31 Desemba, kwa sababu hali ya mkopo ule ilikuwa hivyo tayari mwaka ulipokwisha, akaiingiza kwenye leja, kisha akahifadhi toleo la nne la hesabu. Ziada ikashuka kutoka Sh 31,200,000 hadi Sh 22,800,000. Baadaye shiti za mapato na mizania za toleo la nne zikaingizwa kwenye kabrasha, na kila seli iliyokuwa na fomula ikajisahihisha papo hapo. Zile zilizobandikwa zikabaki na tarehe 9.

Kazi ya msaidizi Alhamisi ile ilikuwa ya kawaida kabisa: kupiga tiki. Unachapisha kabrasha, unashika kalamu nyekundu, na kila tarakimu ya ukurasa wa muhtasari unaitafutia mama yake kwenye taarifa za nyuma. Ukiiona, unaweka tiki pande zote mbili. Ni kazi inayodharauliwa, na huwa anapewa mdogo wa ofisi kwa kudhani haihitaji akili. Ukurasa wa pili ulisema ziada ni Sh 31,200,000. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa mwisho wa taarifa ya mapato na matumizi, ulisema Sh 22,800,000.

Hapo ndipo wengi wangekosea kwa mara ya pili. Kishawishi ni kufuta ya ukurasa wa pili, kuandika ya ukurasa wa kumi na nne, na kwenda nyumbani. Lakini tarakimu mbili zikigongana, unachojua ni kwamba moja si sahihi, na bado hujajua ni ipi. Msaidizi hakufuta kitu. Alichukua kikokotoo akapata tofauti: Sh 8,400,000.

Tofauti ina mengi ya kusema, na wahasibu wana mazoea ya zamani ya kuihoji kabla ya kufungua faili lolote. Kwanza unaigawa kwa 9. Mtu akigeuza tarakimu mbili jirani, akaandika 54 badala ya 45, tofauti lazima igawanyike kwa 9 bila baki. Sh 8,400,000 haigawanyiki, kwa hiyo si vidole vilivyoteleza namna hiyo. Kisha unaigawa kwa 2, kwa sababu kiasi kilichoingizwa upande usio wake, debiti badala ya krediti, huzaa tofauti mara mbili ya chenyewe. Nusu yake ni Sh 4,200,000, na kiasi hicho hakikuwepo popote kwenye leja ya Desemba. La tatu ni kuitafuta tofauti yenyewe kama ilivyo. Aliandika 8,400,000 kwenye sehemu ya kutafutia ya mfumo wa leja, na hati ya marekebisho ya mkopo wa kikundi ikatokea, mstari mmoja debiti na mstari mmoja krediti.

Tofauti inapolingana sawasawa na hati moja iliyoingizwa baada ya tarehe fulani, karibu umeshajua kwamba upande mmoja ulinakiliwa kabla ya hati hiyo. Nasema karibu, kwa kuwa kuna uwezekano mwingine ambao haupaswi kurukwa: pengine hati ile iliingizwa mara mbili, na ziada ndogo ndiyo yenye kosa. Tarakimu zenyewe hazitakutofautishia hali hizo mbili. Inabidi uende kwenye karatasi. Msaidizi alitoa kumbukumbu za kikao cha kamati ya mikopo, akatoa kadi ya mkopo wa kikundi, akaona deni lililobaki ni Sh 8,400,000 na lipo mara moja, na hati iko moja tu kwenye leja. Ziada sahihi ni Sh 22,800,000.

Angeweza kuangalia tarehe za mafaili badala ya kuhangaika hivyo? Alijaribu, na tarehe zilimdanganya. Kwenye folda, toleo la tatu lilionyesha `Date modified` ya tarehe 20 Januari, wakati toleo la nne lilikuwa na tarehe 15. Mtu angeapa kwamba la tatu ndilo jipya. Kilichotokea ni kwamba tarehe 20 mhasibu alilifungua la tatu ili achapishe jedwali moja la zamani, na alipokuwa analifunga Excel ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko, akakubali kwa mazoea. Tarehe ya faili inaonyesha lini liliguswa mara ya mwisho. Haionyeshi lina habari mpaka lini. Kipimo cha toleo la hesabu ni hati ya mwisho iliyomo ndani yake, na hii unaipata kwa kulilinganisha na urari uliochapishwa moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa leja, wenye siku na saa ya kuchapishwa pembeni.

Sasa twende kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayomtofautisha mtu wa hesabu na mtu wa kusahihisha chapa. Kila ingizo lina miguu miwili. Kanuni hiyo ni kongwe, Luca Pacioli aliielezea katika kitabu kilichochapishwa Venisi mwaka 1494, na wanafunzi wa uhasibu huikariri hadi ikawachosha. Lakini hapa ina matumizi ya moja kwa moja. Hati ya tarehe 14 iliongeza gharama kwa Sh 8,400,000 na wakati huohuo ikapunguza thamani halisi ya mikopo kwa kiasi kilekile. Ikiwa tarakimu iliyoathiriwa na mguu mmoja ilinakiliwa kutoka toleo la zamani, basi ile ya mguu wa pili nayo huenda ilinakiliwa siku hiyohiyo, na mtu yuleyule, kwa mkono uleule. Na kibaya zaidi, zikiwa zote mbili za zamani zinaelewana zenyewe kwa zenyewe. Muhtasari wa mizania uliojengwa kwa tarakimu za tarehe 9 pande zote utalingana vizuri kabisa, maana hati isiyoingizwa kabisa haiachi pengo. Mizania kulingana hakuthibitishi kwamba ni ya leo.

Kwa hiyo msaidizi aliacha kutafuta kosa, akaanza kutafuta pacha wake. Kwenye shiti ya muhtasari aliagiza Excel imwonyeshe seli zote zilizoandikwa tarakimu kwa mkono: `Go To Special`, kisha `Constants`, kisha akaacha alama kwenye `Numbers` peke yake. Kompyuta ikazipaka rangi seli zote zisizo na fomula. Nyingi zilikuwa halali, kama idadi ya wanachama na tarakimu za mwaka uliopita. Mbili hazikuwa na sababu ya kuandikwa kwa mkono. Ya kwanza ni C9, ile ziada. Ya pili ni C15, mikopo halisi, iliyosomeka Sh 412,650,000. Kwenye mizania ya ukurasa wa kumi na tano mikopo halisi ilikuwa Sh 404,250,000. Toa moja kwenye nyingine: Sh 8,400,000. Pacha amepatikana.

Ripoti ya afisa mikopo haikuwa imemshtua mtu kwa sababu yeye huripoti mikopo kabla ya kutoa fedha zilizotengwa, na jumla hiyo haikuguswa na hati ya tarehe 14. Ndiyo maana wasomaji watatu waliopita kabrasha kabla yake hawakuona kitu.

Kilichofuata kilikuwa kuangalia tarakimu hizo zilikuwa zimelisha nini. Seli chini ya C9 ilikuwa na fomula ya pendekezo la gawio na riba ya akiba:

```
=C9*75%
```

Fomula ni mtumishi asiyeuliza. Ilichukua Sh 31,200,000 ikatoa Sh 23,400,000 za kugawiwa wanachama. Ziada nzima ya kweli ni Sh 22,800,000, yaani pendekezo lilikuwa kubwa kuliko ziada yenyewe, kabla hata ya kutenga akiba ya lazima. Kwa kiwango kilekile cha asilimia 75, kiasi sahihi ni Sh 17,100,000. Sh 6,300,000 zilikuwa njiani kugawiwa bila kuwepo, na ukishazilipa kwenye akaunti za wanachama wengi kila mmoja akapata kidogo, kuzirudisha ni shughuli ambayo hakuna meneja anayeitamani.

Halafu kulikuwa na maneno, na haya hakuna fomula inayoyafikia. Aya ya kwanza ya muhtasari ilisema ziada imeongezeka kwa asilimia 30 ukilinganisha na mwaka uliopita, ambao ulikuwa na Sh 24,000,000. Kwa ziada sahihi, imepungua kwa asilimia 5. Hapo kubadilisha tarakimu hakutoshi. Sentensi yenyewe inageuka, na zile zinazoifuata, za kupongeza ukusanyaji mzuri wa marejesho, hazina tena pa kusimama. Nimeona makabrasha ambayo jedwali limesahihishwa na maelezo yakaachwa yakisherehekea. Ni afadhali kusoma maelezo yote kwa sauti huku kidole kiko kwenye jedwali jipya.

Msaidizi alimwendea mhasibu akiwa na karatasi tatu: ukurasa wa pili, ukurasa wa kumi na nne na hati ya marekebisho.

"Mhasibu, samahani, naomba unisaidie. Hii ya C9 uliitoa wapi?"

"Kwenye lile faili la mwanzo. Kwani si ileile?"

"Ile ya tarehe 14 haimo. Ya kikundi."

Mhasibu alitazama hati, akatazama ukurasa wa pili, akavuta kiti. Binti hakuwa amesema popote kwamba bosi kakosea. Alikuwa amemwekea mezani chanzo cha tofauti, na kwa mtu wa hesabu hilo linatosha. Angekwenda na tofauti peke yake, bila hati, wangetumia saa nzima wakibishana kama mfumo una matatizo.

Haya hayatokei kwenye vyama vidogo tu. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipoteza dola milioni 24 kwa sababu ya kosa la kunakili na kubandika kwenye jedwali la zabuni, lililofanya bei zikae kwenye mistari isiyo yake. Na ripoti ya ndani ya benki ya JPMorgan Chase iliyotolewa Januari 2013, baada ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 iliyotokana na biashara ya ofisi yake ya London, ilieleza kwamba kielelezo cha kupimia hatari kiliendeshwa kwa mfululizo wa mafaili ya Excel, na data ilihamishwa kutoka moja kwenda jingine kwa mkono. Hasara ile ilikuwa na sababu nyingi, na kunakili si kubwa kuliko zote. Lakini ni benki yenye fedha za kununua mfumo wowote duniani, na bado palikuwa na mtu anayebandika.

Ijumaa asubuhi walirekebisha. C9 na C15 zikaunganishwa na shiti za mapato na mizania zilizomo ndani ya faili lilelile la kabrasha, ili kusiwe na kiungo cha nje cha kukatika. Pembeni mwa kila tarakimu ya muhtasari wakaweka seli ya ukaguzi:

```
=IF(ROUND(C9-Mapato!D31,0)=0,"SAWA","ANGALIA")
```

Inasaidia, ila isipewe heshima isiyostahili. Inathibitisha kwamba muhtasari unaafikiana na shiti ya mapato. Ikiwa shiti ya mapato yenyewe ni ya toleo la zamani, seli zote zitasema SAWA kwa furaha. Kwa hiyo waliongeza jambo moja lisilo la Excel kabisa: urari wa mfumo wa leja, uliochapishwa siku ya kabrasha, unashonwa nyuma ya nakala ya mhasibu, na jumla tano kubwa za mizania zinapigwa tiki dhidi yake kwa kalamu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko ya kompyuta. Kabrasha la kwanza lilikuwa limeshatumwa Jumatano kwa WhatsApp, na kila mjumbe alikuwa nalo kwenye simu. Kutuma jingine lenye jina lilelile kungezaa ugonjwa uleule, safari hii kwenye simu za wajumbe. Meneja alitaka litumwe kimyakimya ili bodi isione aibu. Mhasibu alikataa, na nadhani alikuwa na haki. Jalada jipya likaandikwa juu kabisa: Toleo la Pili, linafuta la Jumatano, ziada, mikopo halisi, gawio na maelezo ya ukurasa wa 2 vimebadilika. Chini yake jedwali dogo la mistari miwili likaonyesha ilivyokuwa, ilivyo sasa, na hati iliyoleta tofauti. Kisha mwenyekiti akapigiwa simu, kwa sababu mzee yule alijulikana kusoma kabrasha siku linapofika na kuja kikaoni akiwa ameshakariri.

Hata hivyo Jumamosi mjumbe mmoja alifungua simu akaanza kusoma, "Ziada yetu imeongezeka kwa asilimia thelathini," na mwenyekiti akamkatiza kwa upole: "Ndugu mjumbe, hiyo ni ya Jumatano. Chukua ya karatasi." Nakala za karatasi zilikuwa zimewekwa mbele ya kila kiti kwa ajili hiyo.

Suala la tarakimu iliyonakiliwa lilichukua dakika chache. Kilichokula muda ni Sh 8,400,000 zenyewe. Bodi ilitaka kujua ni nani waliodhamini kikundi kile, kwa nini makato yalikoma bila taarifa kufika kwa meneja, na kama wadhamini wameshaandikiwa barua. Afisa mikopo aliombwa alete kadi ya mkopo na fomu za wadhamini kabla ya ajenda ya gawio kufunguliwa.